Nusu ya Methali: Ufundi wa Kuombea Wengine Chakula mjini Bunia

Katika mji wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuwaombea wengine chakula ni kazi yenye ufundi wake, na chombo kikuu cha ufundi huo ni methali, yaani msemo mfupi wa wahenga ambao mara nyingi una pande mbili, upande wa kwanza ukifungua wazo na wa pili ukilifunga. Tangu watu wa Djugu walipoanza kukimbia mapigano mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, na makambi ya wakimbizi wa ndani, yaani watu waliohama makwao bila kuvuka mpaka wa nchi, yakatanda mjini na pembezoni mwake, likiwamo la Kigonze, wito wa kuchanga unga wa muhogo, maharagwe, mafuta ya mawese na chumvi umekuwa jambo la kurudiwarudiwa makanisani, misikitini na redioni. Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni namna wito huo unavyotamkwa, kwa sababu chakula kile kile kinaweza kuombwa kwa maneno yanayomwinua anayetoa na kumwinamisha anayepokea, au kwa maneno yanayowaacha wote wawili na heshima zao.

Msemaji aliyelelewa na wazee barazani, pale watu wanapoketi kusikilizana na kuamua mashauri, hamalizi methali yake. Husema, "Haba na haba," kisha hunyamaza, na umati humjibu, "hujaza kibaba." Kitendo hicho ni kidogo na huchukua muda usiozidi pumzi moja, lakini ndani yake mna busara nzito, kwa kuwa aliyeomba hakuomba: ametaja nusu tu, na ile nusu yenye uzito imetoka vinywani mwa wale wale wanaotarajiwa kutoa. Hakuna aliyeamrishwa wala kusutwa. Methali haina mwenyewe, na hivyo haimtukuzi mtu. Anayeitamka anazungumza kwa kinywa cha watu waliokwisha kufa, ambao hawahitaji kura, wala picha, wala shukrani. Katika jimbo ambamo Wahema, Walendu, Wabira, Waaluri na wengineo wana lugha zao na majeraha yao, methali ya Kiswahili ina faida ya ziada ya kutokuwa urithi wa ukoo wa upande wowote, kwa hiyo kila mmoja anaweza kuimalizia bila kujihisi kwamba anakubali ukubwa wa jirani yake.

Sauti nayo ina kazi yake. Upande wa kwanza wa methali hiyo una silabi tano na wa pili una sita, na pande zote mbili huishia kwa "ba," kiasi kwamba sikio linalosikia nusu halitulii mpaka lipate nusu ya pili. Waandishi wa kaliko, yaani kitambaa kirefu cha tangazo kinachotundikwa barabarani au mbele ya kanisa, hupanga mstari mmoja juu ya mwingine kufuata mgawanyo huo huo, na mwandishi hodari huacha nafasi kubwa kati ya mistari, ili msomaji apumue pale ambapo msemaji angenyamaza.

Uzuri wa methali ya kibaba hauko katika sauti peke yake, kwani kibaba ni kipimo cha kweli. Katika biashara ya pwani ya Afrika Mashariki kibaba kilikuwa robo ya pishi, na kwa nafaka kilikaribia gramu 700. Ndicho kilichokuwa posho, yaani mgao wa chakula cha siku moja, wa mpagazi katika misafara. Misafara ya wafanyabiashara wa pembe za ndovu ndiyo iliyokiingiza Kiswahili katika misitu ya Ituri katika miaka ya 1880, tena kwa ukatili ambao historia haipaswi kuufunika, lakini pamoja na lugha yalikuja maneno ya vipimo na misemo iliyovibeba. Methali ilipomwambia mtu kwamba haba na haba hujaza kibaba, ilikuwa inazungumzia chakula kinachomtosha mtu mmoja kwa siku moja, si utele wala karamu. Mama anayesimama leo mbele ya gunia sokoni Bunia, akipima kwa kopo, anaielewa methali hiyo bila kufunzwa historia yake, kwa sababu naye anajua kopo moja linalisha wangapi.

Unyenyekevu wa methali hiyo unaonekana vizuri zaidi hesabu inapofanywa. Tuseme usharika mmoja una kaya 300, na kila kaya imeleta kibaba kimoja cha unga. Mchango wote utakuwa kilo 210 hivi. Mgao wa kawaida wa mashirika ya misaada huhesabu kama gramu 400 za nafaka au unga kwa mtu kwa siku, kwa hiyo familia ya watu sita inahitaji kilo 2.4, na mchango ule wote unazitosha familia zipatazo 87 kwa siku moja, au familia 12 kwa juma moja, kabla ya kutafuta maharagwe, mafuta, chumvi na makaa ya kupikia. Hiyo ndiyo kweli ya mchango wa Jumapili moja. Kaliko inayotangaza kwamba usharika fulani umekomesha njaa ya kambi nzima inasema uongo, na wenye njaa ndio wa kwanza kuujua uongo huo, ilhali methali haikuahidi zaidi ya kibaba, na kibaba kimejaa.

Methali hiyo hiyo ina hatari yake, nayo ni kutumiwa kama kisingizio cha kutoa kilichoharibika. Neno "haba" linahusu wingi, halihusu ubora. Unga wa muhogo usiokaushwa vizuri hushikana mabonge, hutoa harufu ya uvundo na huonyesha madoa ya kijani au meusi. Maharagwe ya zamani huwa na matundu ya wadudu, na hata yakiwa mazima huweza kukaa motoni nusu siku yasiive, na hivyo kummalizia makaa mtu ambaye makaa yenyewe ameyapata kwa shida. Wapokeaji wenye uzoefu huingiza mkono hadi katikati ya gunia na kunusa, kwa maana juu ya gunia mara nyingi ni pazuri. Wazee hawakuona haya kuukataa mchango wa namna hiyo kwa upole, kabla haujafika mbele ya macho ya mwenye shida.

Ufundi wa kuchagua methali unajulikana zaidi kwa zile zinazoachwa. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" ni methali ya haki kijijini, ambako mgeni anayepewa jembe anapewa pia sehemu ya kulima na nafasi ya kuwa mwenyeji. Lakini kuitundika mahali ambapo watu wamekaa miaka chini ya maturubai, mashamba yao yakiwa Djugu wasikoweza kufika bila kuhatarisha uhai, ni kuwasimanga kwa kosa wasilolitenda. Wengi wao, wakipewa jembe na amani ya kulitumia, wangelipokea kabla ya siku ya tatu. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa" ni ya kweli, lakini humshtaki yule yule anayeombwa, na mtu aliyeshtakiwa hufunga mkono au hutoa kwa hasira. "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe" ndiyo ya kuogopwa kuliko zote mjini Bunia, kwani inafundisha kwamba ndugu wa damu ndiye wa kutegemewa na kwamba aliyeshiriki sahani si kitu, na katika nchi iliyomwaga damu nyingi tangu 1999 kwa fikra ya namna hiyo, msemaji mwenye akili huiacha midomoni mwa waliomtangulia na hairithishi.

Hata maandiko matakatifu huhitaji kuchaguliwa. Neno la Bwana Yesu linalotajwa katika Matendo 20:35, kuhusu heri iliyopo katika kutoa, husemwa kwa uzuri mbele ya watoaji. Likisomwa kambini, mbele ya watu waliopanga foleni wakiwa na vikapu, huwaambia kwamba wamekosa ile heri kubwa. Wahubiri waliokomaa hulisoma kanisani, na wakifika kambini husema "Mpaji ni Mungu," maneno matatu yanayomtoa mbele mwenye gunia na kumwacha amesimama sawa na mwenye kikapu, wote wawili wakiwa wapokeaji.

Iko pia methali inayopendwa kuliko zote, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri," ambamo "usambe" ni Kiswahili cha kale chenye maana ya "usiseme." Wengi siku hizi huiandika "si utajiri," na kinachopotea hapo ni lile katazo la upole, kwani ile ya kale inazungumza na mtu, inamzuia asijitetee kwa umaskini wake, wakati ile mpya inatangaza tu. Isitoshe, methali hii imegeuzwa kinga ya wenye nacho, ambao hutoa kilo moja na kusema kwamba moyo ndio unaohesabiwa. Wahenga waliielekeza kwa mwenye kidogo ili asione haya; hawakuitunga impunguzie mwenye maghala wajibu wake. Mjini Bunia mwenye kidogo alikuwa na sababu ya kuielewa, kwa kuwa wakazi wengi wa mji wenyewe walikimbia kwa miguu mapigano ya Mei 2003, wengine wakishika njia ya Beni, na walikula kwenye sahani za watu wasiowajua.

Inasikitisha kwamba ufundi huu unapungua mbele ya macho. Kaliko za siku hizi hubeba jina la mtoaji kwa herufi kubwa, cheo chake na picha yake, na methali, kama ipo, husukumwa pembeni kama urembo. Magunia huchapishwa majina, na mwenye njaa huombwa asimame kando ya gunia apigwe picha kabla hajaruhusiwa kulibeba, jambo ambalo wazee wangelihesabu kuwa ni bei, na tena bei ya ghali. "Tenda wema nenda zako" ilikuwa na maana ya kuondoka kweli: aliyetoa aliweka na kwenda, hata asijulikane. Watoto waliokua katika vita na kuhamahama hawakuketi barazani vya kutosha kujifunza nusu za pili, na msemaji anayeacha nusu kwa matumaini hujikuta akiimalizia mwenyewe, na hapo wito hugeuka amri yake binafsi.

Pamoja na hayo, ziko jumuiya ndogo ndogo, hasa za akina mama, ambazo bado hutoa hesabu kwa utaratibu wa zamani: baada ya mgao husomwa idadi ya makopo yaliyoingia, aina ya chakula, idadi ya familia zilizopata na idadi ya zilizokosa, bila jina la mtoaji hata mmoja. Hesabu ya waliokosa husomwa kwa sauti ile ile, wala haifichwi, na ndiyo inayotangulia kutajwa wito wa Jumapili inayofuata unapoanza.