Video Ikidoda

Uchunguzi wa video iliyododa huanza kwa kungoja. Fundi makini huiacha wiki nzima, kisha hufungua YouTube Studio na kuipima kwa video za karibuni za chaneli ileile, kamwe si kwa za jirani. Huuliza mambo matatu kwa mpangilio: ilioneshwa? Ilipooneshwa, ilibofywa? Ilipobofywa, ilitazamwa?

Tuseme chaneli ya mapishi huoneshwa mara 40,000 katika wiki ya kwanza ya video na kubofywa kwa asilimia 5. Inatoka video ya pilau: imeoneshwa mara 38,000, lakini imebofywa kwa asilimia 1.5 tu. Usambazaji hauna lawama, maana watu waliletewa. Waliofungua walikaa wastani wa dakika 5 kati ya 9, na mstari wa Audience retention haukuporomoka katika sekunde 30 za mwanzo. Maudhui nayo yamenusurika. Kosa liko kwenye vazi: kijipicha kimesongwa na sufuria, mpishi na maandishi yasiyosomeka kwenye simu, na kichwa kinasema "Mapishi, Sehemu ya 14". Pilau yenyewe haikutajwa popote. Hapo hubadilishwa kijipicha kwanza, kichwa baadaye, ili ijulikane kipi kilichoponya.

Dalili zikigeuka, hukumu hugeuka. Watu wakibofya kwa wingi kisha wakakimbia kabla ya nusu dakika, maudhui yamechelewesha kile kilichoahidiwa. Mara nyingi ni salamu ndefu kabla moto haujawashwa.

Usambazaji ndio mgumu kuuhukumu. Video iliyooneshwa kwa wachache inaweza kubofywa kwa asilimia 12, kwa kuwa wachache hao ni wapenzi wa chaneli. Ikifikishwa kwa wageni, kiwango hushuka bila kosa la mtu. Tena, kuoneshwa kidogo huweza kuwa matokeo badala ya chanzo, kwani YouTube hupunguza kuisambaza video ambayo walioletewa mwanzo hawakuijali. Kwa hiyo fundi husoma siku kwa siku. Mibofyo ikishuka kabla ya kuoneshwa kupungua, vazi ndilo la kushukiwa kwanza. Mibofyo na utazamaji vikiwa vizuri lakini video haikusambazwa tangu mwanzo, huangaliwa mada na majira: video ya futari iliyotoka baada ya Idi haina wa kuitafuta.

Wahariri waliokata filamu kwa mkono walijua kila mkato una gharama, wakatazama mara mbili kabla ya kukata. Subira hiyo inatoweka. Siku hizi video ikidoda usiku, asubuhi imefutwa na kupandishwa upya, ikiwa na kijipicha kilekile na lawama kwa algoriti. Iliyofutwa hairudi, na maoni na takwimu zake hazihamii kwenye nakala mpya.