Chembechembe za Picha na Chapa Iliyofutwa

Mwenye kutaka kuitumia picha ya wakala bila ya kuilipia ana hila mbili za kuiondoa chapa iliyopigwa juu yake: ama ataukata ukingo wenye jina la wakala, ama ataifuta chapa iliyopita katikati na kulijaza pengo lake kwa rangi zinazofanana na za jirani. Aghalabu huzitumia zote mbili katika picha moja, na kila moja huacha athari yake, ambayo jicho halifikii, lakini hesabu huifikia.

Tuichukulie, kwa mfano, picha ya mashua inayoingia bandari ya Lamu, ambayo wakala ameiweka hadharani ili wanunuzi waitazame kabla ya kuilipia. Upana wake ni pikseli 1024 na kimo chake 683, yaani nisba ya 3 kwa 2, ambayo ndiyo nisba ya kamera nyingi za wapiga picha wa kazi. Chini ina utepe wenye jina la wakala na la mpiga picha, na katikati ina chapa nyeupe hafifu inayokatiza anga, tanga na kamba za mlingoti. Kisha mhariri wa gazeti analetewa picha ileile, isiyo na utepe wala chapa, ikiwa na upana wa 1011 na kimo cha 640, na aliyeileta anadai kuwa ameipiga kwa mkono wake.

Vipimo hivyo peke yake vinatia shaka, kwa kuwa havilingani na nisba ya 3 kwa 2, wala 4 kwa 3, wala 16 kwa 9. Lakini shaka si ithibati, maana mpiga picha mwaminifu naye hukata kingo za picha zake kila siku. Penye hazina kubwa zaidi ni ndani ya faili lenyewe. Picha ya JPEG hugawanywa katika miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8, ikihesabiwa kutoka pembe ya juu kushoto, na kila mraba hubanwa peke yake, hata katika mipaka ya miraba hiyo hubaki michirizi hafifu, kama ukili unavyoonekana ulipoungwa katika mkeka. Akikata mtu upande wa kushoto na kuhifadhi faili upya, miraba mipya huanza kuhesabiwa kutoka ukingo mpya, ilhali michirizi ya zamani imesogea pamoja na picha. Basi faili moja huwa na mishono miwili.

Ili kuiona mishono hiyo, mchunguzi hupima tofauti ya mwangaza kati ya kila safu wima ya pikseli na jirani yake, huchukua wastani kwa kimo chote cha picha, kisha hulinganisha matokeo katika mafungu ya safu nane nane. Katika picha yetu tofauti inapanda kwenye safu ya 8, 16 na 24, kama inavyostahiki, lakini inapanda tena, kwa kiasi kidogo, kwenye safu ya 3, 11 na 19. Maana yake ni kwamba upande wa kushoto zimekatwa pikseli 5, au 13, au 21, na kuendelea kwa kuongeza nane kila mara; hesabu haiwezi kutuambia ni ipi kati ya hizo. Kuhusu utepe wa chini, kipimo hiki hakisemi neno, kwa sababu kukata chini au kulia hakuisogezi pembe ambamo hesabu inaanzia. Tena, ikiwa picha imehifadhiwa mara ya pili kwa kubanwa zaidi kuliko mara ya kwanza, mishono ya zamani hufunikwa, na mtu asikimbilie kusema kuwa haikuwapo.

Tukija kwenye chapa ya katikati, kinachotazamwa ni chembechembe. Kila kamera, hata iliyo bora, hutia katika picha mtawanyiko mdogo wa nuru usio na mpango, na mtawanyiko huo, katika eneo lenye mwangaza mmoja, hukaribia kuwa sawa pote. Njia nyepesi ya kuutenga ni kuilainisha nakala ya picha na kuitoa katika picha yenyewe, kisha kukuza kilichobaki. Programu ya ImageMagick huifanya kazi hiyo kwa amri moja:

```
magick shaka.jpg \( +clone -statistic Median 3x3 \) \
  -compose difference -composite -evaluate Multiply 12 chembe.png
```

Alama tunayoitafuta hutegemea namna chapa ilivyofutwa. Ikiwa pengo limejazwa kwa kueneza rangi za kingoni kuelekea ndani, kama inavyofanya njia aliyoitoa Alexandru Telea mwaka 2004, basi katika anga ya mashua yetu litaonekana doa jeusi lisilo na chembe, lenye umbo la herufi zilizoondolewa. Ikiwa limejazwa kwa vipande vilivyoazimwa kutoka sehemu nyingine ya picha, jambo ambalo Photoshop imelifanya jepesi tangu 2010, chembe zitakuwapo, lakini zitakuwa za kurudiwa: kipande kimoja cha wingu kitapatikana mahali pawili, nukta kwa nukta, jambo ambalo nuru ya Mungu haiwezi kulifanya kwa bahati.

Njia ya tatu ndiyo yenye werevu kuliko zote, na athari yake ni kinyume cha zile mbili. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba chapa inayorudiwa kwa umbo lilelile katika maelfu ya picha za wakala mmoja inaweza kukadiriwa kutoka kwenye picha hizo, kisha ikatolewa kwa hesabu. Pikseli iliyochapwa ni mchanganyiko wa chapa na picha ya asili. Chapa ikiwa imechukua sehemu 0.4, picha imebaki na 0.6 tu, na mwenye kuirudisha sharti agawanye kwa 0.6. Kugawanya huko huzirudisha chembe za kamera katika kiasi chake cha asili, lakini makosa ya kubanwa, yaliyoingia baada ya chapa kupigwa, hukuzwa takriban mara 1.67. Basi palipokuwa na herufi makosa hayo yatakuwa mazito kuliko ya jirani, na mchunguzi anayetafuta ulaini peke yake atapita juu yake bila ya kuyaona.

Kuna mtego hapa unaowadanganya wengi. Anga iliyoungua kwa jua haina chembe hata kidogo, na JPEG iliyobanwa sana hulainisha kila eneo lisilo na michoro. Insafu inadai tulinganishe anga na anga ya mwangaza uleule, na tutazame zaidi pale chapa ilipokatiza kamba za mlingoti, maana kamba iliyochorwa upya hupinda, hunenepa au hukatika palepale mstari wa chapa ulipopita. Na picha iliyopitia WhatsApp, ikapunguzwa vipimo na kubanwa upya, mara nyingi huwa imepoteza mishono na chembe pia.

Vipimo hivi vyote vinathibitisha kuwa mahali fulani pameguswa. Havisemi palikuwa na nini, kwa kuwa aliyefuta waya wa umeme huacha athari ileile. Kwa hiyo mhariri huitafuta nakala ya wakala kwa kupeleka picha yenye shaka TinEye au kwingineko, na akiipata, huikata kwa vipimo alivyokwisha kuvijua na kuilinganisha. Tofauti ya upana, 1024 kutoa 1011, ni 13, nayo imo katika orodha iliyotolewa na mishono:

```
magick nakala.jpg -crop 1011x640+13+0 +repage kipande.png
magick kipande.png shaka.jpg -compose difference \
  -composite -evaluate Multiply 8 tofauti.png
```

Ikiwa picha ni ileile, bahari, mashua na mawingu hutoka karibu meusi yote, na kinachong'aa ni herufi za chapa iliyofutwa peke yake.