Sufuria Iliyozaa: Namna Kisa Kirefu Kilivyopunguzwa Mgori

Kisa cha Abunuwasi na sufuria iliyozaa kimetembea nchi nyingi. Waturuki husimulia kisa hicho hicho kumhusu Nasreddin, na kote kinakopita hubaki na mambo manne: sufuria inaazimwa, inazaa, mwenyewe anakubali kwamba imezaa, kisha inakufa. Mengine yote huongezwa na msimulizi, na hapo ndipo kisa huharibika.

Mgori, mkoani Singida, nilikisikia mara mbili kwa siku moja, watu wakipura alizeti. Mchana alikisimulia mzee mmoja. Abunuwasi wake alianza kwa kupeleka vitunguu Singida mjini, gari likaharibika njiani, bei ikaanguka, akarudi na wageni wa kupikiwa ilhali hana chombo. Jirani yake alikuwa bahili wa kunyima hata chumvi. Sufuria yenyewe ilikuwa kuukuu, na tako lake lilikuwa limezibwa tundu. Abunuwasi akajisemea, “Leo nitamkomesha.” Watu walicheka sana kwenye habari ya gari. Mwisho ulipofika walitabasamu tu, na kijana mmoja akauliza, “Kwani lile tundu lilizibuka?”

Swali hilo lilifichua kosa. Sufuria yenye tundu ina sababu ya kufa. Msikilizaji akishapewa sababu, kifo hakimshangazi tena, na jibu la Abunuwasi halina tena kazi ya kufanya. Tundu halikuwa maneno ya ziada tu. Lilikuwa linashindana na mwisho. Kule kujisemea “nitamkomesha” kulikuwa na madhara makubwa zaidi, kwa kuwa tangu hapo kila mtu alijua kuna hila na akawa anaingojea. Ubahili wa jirani nao ulisemwa mapema, wakati kisa chenyewe kinauonyesha bila kuutaja.

Jioni mama mmoja aliwasimulia tena kisa hicho waliochelewa. Hivi ndivyo kilivyokuwa, kwa kadiri ninavyokumbuka:

“Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani. Kesho yake akairudisha, na ndani yake kisufuria. Akasema, ‘Sufuria yako ilikuwa na mimba, usiku imezaa.’ Jirani akauliza, ‘Imejifungua salama?’ ‘Salama kabisa.’ Akabeba mama na mtoto, akaingia ndani. Baada ya siku chache Abunuwasi akaiazima tena, asiirudishe. Jirani akamfuata. ‘Pole sana, ndugu yangu. Sufuria yako imefariki.’ ‘Sufuria inakufaje?’ ‘Kama ilizaa, kwa nini isife?’”

Kicheko kililipuka kwenye neno la mwisho lenyewe.

Ukitaka kuona alivyofanya, anza na jibu lile la mwisho na ujiulize msikilizaji lazima awe anajua nini ili limwingie. Lazima ajue kwamba sufuria ilisemekana imezaa, na kwamba jirani alikubali kwa kinywa chake. Safari ya Singida haimo, wageni hawamo, bei ya vitunguu haimo. Habari ya gari ilichekesha, ni kweli, lakini ilichekesha kwa jambo jingine, na kicheko chake kilikuwa kimekwisha tumika kabla mwisho haujafika. Inafaa isimuliwe peke yake siku nyingine.

Sasa tazama alichokiacha. “Imejifungua salama?” inaonekana kama pambo, na mtu mwenye papara ya kukata angeanza nayo. Kumbe ndiyo komeo la kisa kizima. Jirani angepokea kisufuria kimyakimya, angeweza baadaye kudai kwamba hakuamini, na Abunuwasi angebaki mwizi wa kawaida. Kwa kuuliza hali ya mzazi amejifunga mwenyewe. Tena swali hilo ni adabu ya uzazini, na “pole sana” ni adabu ya msibani. Mama yule aliziweka mbali kiasi cha kutosha, zikaitikiana bila yeye kueleza lolote.

Mpangilio wa maneno ya mwisho nao una uzito. Mzee alisema, “Kwa nini isife, kama ilizaa, maana wewe mwenyewe siku ile ulikubali.” Jibu lilikuwa limeshatoka kwenye “isife”, na yaliyofuata yakawafundisha watu walichokwisha kielewa. Mama aliliweka mwisho, akanyamaza.

Upunguzaji huu una mpaka wake. Katika utani, mahali ambapo mtani anachomwa kwa gari lake bovu na vitunguu vyake vilivyooza, urefu ndio starehe yenyewe, na kila kituo cha safari ni mkuki. Mzee angekuwa na mtani wake mbele yake, ningemwachia gari, bei na wageni wote. Tundu la sufuria ningelitoa hata hapo.