Usaili wa Kesi: Sikiliza Dakika Mbili za Mwanzo

Kampuni za ushauri wa biashara kama McKinsey na BCG huwapa waombaji wa mafunzo kazini kesi ya kutatua kwa sauti. Mimi humpima msailiwa zaidi kwa namna anavyolipanga tatizo kuliko kwa jibu lake la mwisho, maana jibu mtu aweza kulibahatisha.

Chukua kiwanda cha maziwa. Mwaka jana kiliuza lita milioni 10, kikapata faida ya shilingi milioni 200. Mwaka huu kimeuza lita milioni 12, lakini faida imeshuka hadi milioni 120. Mwenye kiwanda anataka kujua kulikoni.

Msailiwa aliyekariri ataomba dakika moja, kisha aseme: "Nitaangalia soko, washindani, wateja na kampuni yenyewe." Yanapendeza kusikia, ila ondoa maziwa weka saruji, hakuna neno litakalobadilika. Tena makundi hayo yanaingiliana. Bei ikishushwa kwa sababu ya mshindani, utaihesabu kwenye soko au kwa washindani? Barbara Minto, aliyewafundisha washauri wa McKinsey kuandika, alitaka makundi yasigongane wala yasiache pengo. Orodha hii haina hata moja kati ya hayo.

Aliyeiva huanza na kugawanya: "Faida kwa lita ilikuwa shilingi 20, sasa ni 10. Mauzo yamepanda, kwa hiyo sitaanza kutafuta wateja waliopotea. Nitaangalia pande mbili tu: tunachopokea kwa lita na tunachotumia kwa lita." Halafu huongeza jambo ambalo wengi hawalioni: gharama zisizobadilika, kama kodi ya jengo, sasa zinagawanywa kwa lita nyingi zaidi, hivyo faida kwa lita ilipaswa kupanda. Kama ilipaswa kupanda nayo imeshuka nusu, basi kuna kitu kizito: ama maziwa ya wakulima yamepanda bei, ama kiwanda kimenunua mitambo mipya, ama kinauza kwa bei ya chini. Anataja atakapoanzia, na sababu yake. Hapo hata akinyamaza kidogo kuandika, najua yuko wapi.

Kisha mjaribu. Mwambie: "Hakuna bidhaa iliyobadilishwa bei." Dhaifu atafuta upande wote wa mapato na kukimbilia gharama. Mzuri atatulia, aulize: "Mtindi na maziwa ya pakiti bado vinauzwa kwa uwiano uleule?" Ameona kwamba bei zaweza kubaki vilevile na wastani ukashuka, kama mauzo mengi yamehama kutoka mtindi kwenda pakiti, na pakiti ndiyo yenye faida ndogo. Swali hilo halimo katika mpangilio wowote wa kukariri, na nikilisikia humpa alama nyingi hata kama baadaye atakosea kuzidisha.