Mfuko ukikatwa uzi: bei mbili za sukari katika duka moja la Umwe

Duka la Umwe, pale Ikwiriri, lina wateja wa aina mbili kwenye kaunta moja. Kuna mama wa jirani anayetaka robo ya sukari, na kuna mwenye kiduka anayechukua mifuko miwili aipeleke vijiji vya delta, kwa bodaboda kisha kwa mtumbwi. Wenye maduka wengi huanza na bei ya rejareja, halafu wanampunguzia anayechukua mzigo mwingi. Mimi naona hesabu ianze upande wa pili, kwenye mfuko wenye mshono wake.

Tuchukue tarakimu za mfano. Mfuko wa kilo 50 umenunuliwa Dar es Salaam kwa shilingi 132,000. Nauli ya gari, kupakia na kushusha ni 3,000, kwa hiyo umefika dukani kwa 135,000. Bei ya jumla ikiwekwa 138,000, faida ni 3,000. Ni ndogo, lakini mfuko unatoka kama ulivyoingia, na hakuna aliyeugusa.

Sasa ukate uzi. Sukari inamwagika kidogo, nyingine inabaki kwenye mishono, na mpimaji anaongeza kijiko ili mizani iinamie upande wa mteja. Tuseme kilo 50 zinauzika 49. Vifungashio vya nusu na robo vinakula 2,000. Hapa ndipo kosa linapojificha. Mwenye duka anayetaka kuvuta watu anauza kilo moja kwa 2,800, anapata 137,200, anatoa 2,000 za vifungashio na kubakiwa na 135,200. Akilinganisha na 135,000 anaona amepata faida ya 200. Kweli amepata, ila mfuko uleule ungemletea 3,000 bila kufunguliwa. Kazi yote ya kupima imemrudisha nyuma kwa 2,800.

Dawa yake ni kulifanya duka la rejareja kuwa mteja wa duka la jumla. Kila mfuko unaofunguliwa uandikwe kwenye daftari kwamba rejareja imeununua kwa 138,000, sawa na mchuuzi yeyote. Ongeza vifungashio, inakuwa 140,000. Gawa kwa kilo 49, unapata kama 2,857. Hapo ndipo kilo inaporudisha gharama yake. Ikiuzwa 3,000, rejareja inabakiwa na 7,000 kwa mfuko, na hizo ndizo zinazolipa muda wa mpimaji. Robo ingekuwa 750, lakini shilingi hamsini za chenji ni adimu, kwa hiyo maduka mengi huitoza 800.

Bei ya jumla nayo ina dari yake, na dari hiyo iko kwa mchuuzi. Akiongeza 4,000 za usafiri juu ya 138,000, kisha akauza kilo 49 kwa 3,200 huko kijijini, anabakiwa na 14,800 kabla ya vifungashio vyake. Ukimpandishia mpaka 142,000 ataanza kufikiria kupanda gari aende Kibiti au Mbagala mwenyewe. Na ukiuza kilo moja kwa 2,800 wakati yeye kwako anapata kilo kwa 2,760, wateja wake wanaopita Ikwiriri watajinunulia wenyewe, naye hatarudi.

Mpaka kati ya bei hizo uwe mshono, usiwe sura ya mtu. Mfuko mzima ni jumla, hata kama mnunuzi ana harusi tu. Mama wa genge anayechukua kilo 10 kwa mpigo anastahili bei ya kati, tuseme 2,900, kwa sababu hatumii vifungashio vidogo na kinachomwagika ni kidogo. Binamu wa muuzaji anayetaka kilo mbili kwa bei ya jumla anauziwa rejareja.

Daftari hilo linasema pia pesa zinakovujia. Mifuko mitano ikifunguliwa na yote ikauzwa kwa kilo, droo ya rejareja ionyeshe kama 735,000. Ikionyesha 700,000, kila mfuko umepoteza 7,000, zaidi ya kilo mbili. Kwanza tazama kama kuna mikopo isiyoandikwa. Kisha chukua vifurushi vichache vya kilo moja, uvipime kwenye mizani nyingine iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Vikiwa sawasawa, kuna mtu anauza kilo kwa bei ya mfuko.

Mbinu hii ina kikomo. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika, Bodi ya Sukari ilitangaza bei kikomo za jumla na za rejareja kwa kanda. Nafasi kati ya bei hizo mbili ikawa haipangwi tena dukani. Mzigo ukifika kwa bei inayogusa kikomo cha jumla, fanya hesabu ya kilo 49 kabla ya kushika kisu. Gharama ya kilo ikizidi kikomo cha rejareja, mfuko huo uuzwe na mshono wake.