Radhi Inayoanza na Gari

Fort Ternan iko mahali vilima vya Kericho vinapoteremka kuelekea mashamba ya miwa ya Muhoroni. Jirani yangu wa huko ana pikapu ya kupelekea maziwa yake dukani na kahawa yake kiwandani. Alipolipia upya bima kamili ya gari hilo, kampuni ilimtumia kwa barua pepe hati za mtu mwingine: jina si lake, nambari ya gari si yake, na gari lenyewe ni dogo, la matumizi ya nyumbani. Alipiga simu, akaeleza. Baadaye akapokea barua ya ukurasa mmoja, akanipa niisome, na tangu hapo naitamani kalamu ya aliyeiandika.

Sentensi yake ya kwanza haikuomba radhi. Ilisema kwamba pikapu, ikitajwa kwa nambari yake, ina bima halali tangu tarehe aliyolipia, wala haikukosa bima hata siku moja. Mwandishi alijua kinachomnyima mama huyu usingizi. Nchini Kenya ni kosa kisheria kuendesha gari barabarani bila bima inayowalinda watu wengine, na polisi hukagua cheti kwa simu. Kabla ya neno lolote la huruma, mwenye gari anataka kujua kama anaweza kuliwasha asubuhi. Barua ikaeleza kwamba cheti cha kidijitali kilikuwa sahihi muda wote. Kilichokosewa ni hati zilizoambatishwa kwenye barua pepe.

Radhi ikafuata, na ikataja kosa kwa jina lake: tulikutumia hati za mteja mwingine, na kosa ni letu. Kampuni nyingi huomba radhi kwa usumbufu ambao hazielezi ni upi. Huyu aliueleza. Alisema hati ile ya kwanza ilionyesha gari la matumizi ya binafsi, ilhali pikapu imekatiwa bima ya kubeba mizigo ya mwenyewe, na kwamba angepata ajali akiwa na magunia ya kahawa, karatasi ile ingemtia hofu kwamba hatalipwa fidia. Kisha akaziweka hati mbili sambamba, ile ya kwanza yenye kosa na ya pili iliyo sahihi: matumizi ya gari, thamani iliyokatiwa bima, nambari ya chesisi, na sehemu ya hasara ambayo mteja hujibebea mwenyewe. Chini yake akaandika kwamba malipo aliyotoa yalipigiwa hesabu kwa thamani ya pikapu, kwa hiyo hana cha kuongeza. Hati ya pili ilikuwa na tarehe mpya, na barua ikasema wazi kwamba ndiyo inayosimama badala ya ile ya kwanza.

Mahali penye ugumu zaidi ni pale panapomhusu yule mteja mwingine. Bahasha mbili zikibadilishana, mtu hujiuliza mara moja: na zangu zimekwenda kwa nani? Mwandishi dhaifu hulikwepa swali hilo. Huyu alijibu kwamba wamekagua kumbukumbu za barua pepe na hati za jirani yangu hazikutumwa kwa mtu yeyote. Akamwomba afute zile alizopokea wala asizisambaze, na hakurudia jina la mwenyewe hata mara moja, kwani kulitaja tena kungekuwa kumfichua mara ya pili. Akaongeza kwamba mteja huyo naye amearifiwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitaka kampuni imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ijue, pale taarifa za mtu zinapofikia asiyehusika na kuna hatari ya kweli ya madhara. Adabu ya barua hii, hata hivyo, ilizidi matakwa ya sheria.

Kuna jambo moja ambalo mimi nisingelikumbuka. Pikapu ilinunuliwa kwa mkopo wa sacco, na sacco hutaka nakala ya bima. Barua iliuliza: je, ulishawapelekea hati ile ya kwanza? Kama ndiyo, tuambie, sisi ndio tutakaowaandikia. Aliyeiandika alikuwa ameifuata karatasi mbovu kila mahali ingeweza kufika. Mwisho kukawa na jina la mtu mmoja na nambari yake ya simu ya moja kwa moja.

Kuhusu chanzo, alitumia sentensi mbili tu: wateja wawili wenye majina yanayofanana, na karani aliyetafuta faili kwa jina badala ya nambari ya hati. Sasa faili hutafutwa kwa nambari. Hakumtaja karani, wala hakuusingizia mtambo.

Nawe ukipokea hati za bima ya gari lako, usitazame jina pekee. Chukua logibuku, linganisha nambari ya chesisi herufi kwa herufi, kisha soma mstari wa matumizi ya gari. Kimoja kikipishana, piga simu siku hiyo hiyo na udai jibu la maandishi.