Jiko Linalolia Dakika ya Saba

Jiko la indaksheni likianza kulia ti-ti-ti kisha likajizima, wengi wetu hukimbilia bisibisi. Mimi huanza na saa. Dakika ambayo mlio unatokea hueleza zaidi kuliko herufi zinazowaka kwenye kioo, kwa sababu herufi hizo hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine. `E3` ya jiko hili inaweza kuwa joto la kupita kiasi, na ya jiko lile ikawa umeme mwingi. Kama kijitabu kilipotea siku nyingi, herufi pekee hazitakusaidia.

Jiko ninaloliandikia leo nililetewa na mama mmoja wa Gatuanyaga, upande wa Barabara ya Garissa ukitoka Thika mjini. Ni la wati 2,000, la sahani moja, lile jembamba la kuweka juu ya meza. Lilikuwa limekwisha kupita kwa fundi mwingine, na bado lilikuwa likizima.

"Mama, linazima ukipika nini?" nilimuuliza.

"Githeri, chai, chochote, fundi. Nikiweka moto wa juu linalia kabla sijamaliza. Nikiweka moto mdogo linavumilia."

Jibu hilo lilikuwa na uzito. Jiko lisiloitambua sufuria hulia ndani ya sekunde chache, tena kwa moto wowote. Hutoa mlio mmoja mmoja, likisubiri uweke chombo kinachofaa, kisha baada ya kama dakika moja hujizima. Jiko lenye waya wa sensa uliokatika nalo hulalamika mapema, mara nyingi hata kabla sufuria haijapata moto. Hili lilikuwa likifanya kazi vizuri, joto likajikusanya, ndipo likakata. Kitu fulani kilikuwa kikichemka polepole mahali kisipopaswa.

Hata hivyo sufuria sikuiruka. Jikoni kwetu sufuria nyingi ni za alumini, zile nyeupe zisizo na mikono, na jiko hili haliwezi kuzipasha moto. Chini ya kioo kuna koili ya shaba inayobadili mwelekeo wa sumaku zaidi ya mara elfu ishirini kwa sekunde. Sumaku hiyo huamsha umeme ndani ya kitako cha sufuria, na ni kitako chenyewe kinachopata joto. Chuma hushikwa na sumaku na huuzuia umeme huo kiasi cha kuzalisha moto. Alumini haishikwi na sumaku, tena hupitisha umeme kwa urahisi mno, hivyo jiko hupima, haliikuti sufuria, na hukataa kuendelea. Kipimo cha sufuria ni kipande cha sumaku kutoka kwenye spika mbovu ya redio. Kikigandamana kwa nguvu katikati ya kitako, sawa. Kikishika kwa unyonge, au pembeni tu, jiko litasumbua.

Sufuria za mama huyu zilikuwa mbili, zote zilishika sumaku. Moja ilikuwa imebonyea kitako katikati, ukiiweka juu ya kioo inacheza. Niliitenga, nikatumia ile iliyokaa sawa, nikatia lita 2 za maji na kuwasha moto wa juu kabisa. Soketi ilikuwa na volti 228, kwa hiyo umeme haukuwa na lawama.

Maji ndiyo kipimajoto cha bure ambacho mafundi wengi wanakisahau. Maadamu kuna maji ndani ya sufuria, kitako chake hakiwezi kupanda mbali juu ya joto la kuchemka, na huku kwetu, mita takriban 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Jiko linalokata kwa sababu ya sufuria hukata sufuria ikiwa tupu, au mafuta yakiwa yamepitiliza. Likikata huku maji yanatokota, joto lililolisumbua halitoki juu ya kioo. Liko chini, kwenye ubao wa umeme.

Maji yalianza kutokota dakika ya sita. Dakika ya saba mlio ukaja, jiko likazima.

Nikachomoa waya ukutani, nikasubiri kidogo, nikafungua. Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Ndani ya jiko hili umeme wa ukutani hugeuzwa kuwa wa upande mmoja, na kilele chake hufika karibu volti 340. Kapasita kubwa iliyo karibu na koili huweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa. Mimi huipima kwa mita kabla ya kuweka kidole popote, na sipimi kitu chochote ndani jiko likiwa na umeme isipokuwa volti za feni, tena kwa mkono mmoja na klipu zilizofunikwa. Ubao mzima umeungana na umeme wa ukutani. Asiye na mita wala uzoefu aishie kusafisha kwa nje.

Sensa ziko mbili. Ya kwanza iko katikati ya koili, imebanwa chini ya kioo na kupakwa mafuta meupe ya kupitisha joto, nayo huangalia sufuria. Ya pili iko kwenye bati nene la alumini linaloipoza transista kubwa, ile inayowasha na kuzima koili. Zote huwa ni kidude kidogo ambacho ukinzani wake hushuka kadiri joto linavyopanda. Zilizo kwenye majiko mengi ya aina hii husoma omu 100,000 katika nyuzi 25.

Nilichomoa plagi ya sensa ya bati, bati likiwa bado la moto: omu 14,000. Hiyo ni kama nyuzi 77, na dakika kadhaa zilikuwa zimeshapita tangu jiko lizime. Sensa ilikuwa ikisema kweli. Ilipopoa kabisa ilirudi karibu 100,000, na nilipoibana kwa vidole ikashuka taratibu kuelekea 60,000, kama inavyotakiwa kwa joto la mwili. Sensa mbovu hukaa palepale, au huruka ovyo, au haina kipimo kabisa.

Kisha nikapima ile ya kioo. Ilisoma 99,000 na kitu. Nikaibana kwa vidole: 99,000. Nikaipulizia hewa ya moto: 99,000. Nikafuata nyaya zake, nikakuta sensa haipo. Mahali pake palikuwa na kizuizi cha kawaida kilicholehemiwa na kufunikwa kwa mpira, chenye mistari ya kahawia, nyeusi na manjano. Fundi aliyetangulia alikuwa ameling'oa jicho la jiko na kuweka picha ya jicho.

Nimeliona jambo hili mara nyingi na linaniuma. Kizuizi hicho huliambia jiko kwamba sufuria iko kwenye nyuzi 25 daima, hata ikiwa nyekundu. Mama akiweka mafuta ya kukaangia, akaitwa mlangoni, mafuta yatapita nyuzi 200 yaanze kutoa moshi, yataendelea hadi yawake yenyewe, na jiko litazidi kusukuma moto kwa sababu limeambiwa kila kitu ni baridi. Tena kizuizi hicho hakikuponya ugonjwa, kwa kuwa mlio ulikuwa unatoka kwenye sensa ya pili. Baadhi ya majiko hulishtukia hilo: programu ikiona dakika zinapita na sensa haipandi hata kidogo, hulia hitilafu ya sensa, na mwenye jiko anabaki na tatizo jipya juu ya lile la zamani.

Basi kwa nini bati lilikuwa la moto hivyo? Feni. Niliisukuma kwa kidole. Feni nzima huzunguka raundi kadhaa kabla ya kusimama. Hii ilisimama pale pale nilipoondoa kidole. Mapanga yake yalikuwa na koti la mafuta ya jikoni, unga na vumbi jekundu, na mhimili ulikuwa umekauka. Nilipolipa jiko umeme, volti zilizofika kwenye plagi yake zilikuwa 17.6, na feni imeandikwa volti 18. Kwa hiyo ubao ulikuwa unatoa kilichotakiwa, feni ndiyo iliyokuwa inajikokota. Kama volti zisingefika, ningetafuta transista ndogo inayoiendesha.

Kwa moto mdogo transista hutoa joto kidogo, na feni dhaifu inalimudu. Kwa moto wa juu hailimudu, joto hupanda, dakika ya saba sensa hukata. Maneno ya mama yalikuwa yameeleza hayo yote kabla sijashika bisibisi.

Nilisafisha bati kwa brashi, nikaweka feni mpya ya volti 18 yenye upana uleule. Ya kompyuta yenye volti 12 haifai; itazunguka kwa kasi siku chache kisha iungue. Nikarudisha sensa halisi ya kioo, omu 100,000, nikaipaka mafuta meupe na kuhakikisha inagusa kioo. Ikiachwa na pengo chini ya kioo hupata habari za sufuria kwa kuchelewa. Ile sufuria iliyobonyea huleta kosa hilo hilo kwa upande wa juu, ndiyo maana nilimwambia mama asiitumie tena kwenye jiko hili.

Nilipolijaribu nyumbani kwake kulikuwa na jambo moja lililobaki. Jiko lilikuwa linakaa juu ya kitambaa cha plastiki cha meza. Miguu yake ni mifupi, na feni hunyonya hewa kutoka chini. Nilipowasha, kitambaa kilinyanyuka kikajibandika kwenye matundu. Feni yoyote, hata mpya, ingekufa kwa kazi hiyo. Tukaliweka juu ya kigae kipana. Pia alikuwa na mazoea ya kuzima soketi ukutani mara tu chakula kinapoiva, ili tokeni zisiende bure. Feni huendelea kuzunguka muda mfupi baada ya jiko kuzimwa kwa kitufe chake, na inatumia wati chache tu, nne hivi. Kuikatiza ni kulifungia joto ndani pamoja na transista.

Lita zilezile 2 zilichemka, tukaongeza maji, tukaliacha dakika 20 kwa moto wa juu. Halikulia. Nililifungua mara moja zaidi nijiridhishe: sensa ya bati ilisoma 31,000, kama nyuzi 54.

Msomaji, fundi akikurudishia jiko, mwombe akuonyeshe sensa ya kioo, uibane kwa vidole huku mita imeunganishwa na jiko likiwa limechomolewa ukutani. Namba isiposhuka, usilichukue hadi airudishe.